Yuniti 28 zake, yuniti 22 zangu: wiki ya kwanza ya wapangaji watatu Kansanga

*Asalaam aleikum, Shangazi. Mimi ni muuguzi, kwetu Arua. Tarehe 1 mwezi huu tulihamia nyumba ya vyumba vitatu hapa Kansanga, Kampala, mimi na wenzangu wawili ambao tumefahamiana juzi tu. Mmoja ni wa Mbale, anauza dukani Kikuubo; anatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa tatu usiku. Wa pili ametoka Goma, anasoma chuo, yuko nyumbani karibu kutwa na ndiye anayetupikia. Mimi nafanya zamu za usiku. Mkataba wa nyumba uko kwa jina langu.*

*Wiki haijaisha na tayari hatusemezani vizuri. Wa Mbale alinunua Yaka, umeme wa kulipia kabla, ya shilingi 20,000 siku tuliyohamia, akapata yuniti 28. Zikaisha ndani ya siku chache. Nami nikanunua ya 20,000, nikapata 22. Sasa ananiangalia kama niliyenunua ya 15,000 na kutia chenji mfukoni. Mwanafunzi anasema yeye anapika, kwa hiyo hadeki wala hatoi takataka. Asubuhi nikilala anatwanga sombe chini ya dirisha langu. Halafu kuna jambo ambalo sijamwambia mtu: wa Mbale alikaanga nyama ya nguruwe kwenye sufuria niliyokuja nayo kutoka nyumbani. Mimi ni Mwislamu. Nimeificha sufuria hiyo chini ya kitanda. Na mchumba wake ameshalala hapa usiku tatu, kila asubuhi anapiga pasi.*

*Tugawane kazi sawasawa kwa watatu? Au niwaandikie sheria kwa kuwa nyumba ni ya jina langu?*

*Wa zamu ya usiku, Kansanga*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Nitaanza na yuniti, maana hapo ndipo uaminifu wako umeguswa, na mtu aliyeshukiwa wizi hawezi kukaa mezani kuzungumza habari za kudeki. Wewe hukuiba, na mwenzako naye hakuona vibaya. Yaka ya 20,000 inayonunuliwa mwanzo wa mwezi na ya 20,000 inayofuata mwezi huohuo hazileti yuniti sawa. Utaratibu huo ulikuwepo tangu enzi za kampuni ya Umeme, na shirika la serikali la UEDCL walioshika usambazaji Aprili 2025 wameuendeleza.

Kwa nyumba za kawaida, yuniti 15 za kwanza za kila mwezi huuzwa kwa bei ya nafuu, shilingi 250 kila moja. Zikishachukuliwa hizo, bei hupanda mpaka shilingi 750 na kitu, yaani mara tatu. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18. Na mara ya kwanza kununua katika mwezi, hukatwa pia ada ya huduma ya mwezi, ambayo pamoja na VAT inakaribia 4,000.

Sasa fuatana nami. Mwenzako alitoa 20,000. Ikaondoka ada, zikabaki kama 16,000. Ikaondoka VAT, zikabaki kama 13,600. Yuniti 15 za nafuu zikala 3,750. Zilizobaki, kama 9,800, zikanunua yuniti 13 kwa bei kubwa. Kumi na tano na kumi na tatu ni 28. Wewe ulipofika, ada ilishalipwa lakini na za nafuu zilishakwisha. Ikaondoka VAT, zikabaki kama 17,000, zote zikaenda kwenye bei kubwa: yuniti 22 na nukta. Mkalishe na kalamu na karatasi, jumbe zote mbili za ununuzi ziwe mezani, mpige hesabu hiyo pamoja. Usimtumie kwa simu. Aandike tarakimu kwa mkono wake mwenyewe.

Mkimaliza hapo mtaona wenyewe kwa nini kununua Yaka kwa zamu hakufai nyumbani kwenu. Anayeanza mwezi atakula yuniti za nafuu kila mara, na anayefuata atajiona amepunjwa kila mara, hata kama wote ni watu wema. Dawa ni mfuko mmoja: fedha ya wote watatu, mnunuzi mmoja, na tokeni inawekwa kwenye kundi lenu la simu dakika hiyohiyo. Kuiweka kundini kuna faida nyingine ambayo wewe wa zamu ya usiku ndiwe utakayeiona: umeme ukikatika saa nne usiku nawe uko wodini, walioko nyumbani wanazo tarakimu 20 za kuingiza. Namba ya mita iandikeni kwenye kipande cha karatasi, mkibandike nyuma ya mlango wa jikoni.

Lakini kabla hamjapanga kila mtu atoe kiasi gani, lazima mjue umeme unakwenda wapi. Yuniti 28 kuisha ndani ya siku chache kwa watu watatu ni nyingi, na sidhani kama ni taa. Leo kabla hujaenda kazini soma salio kwenye mita, uandike. Kesho saa ileile soma tena. Fanya hivyo mpaka Jumapili, utajua nyumba inakula yuniti ngapi kwa siku.

Kisha angalieni vifaa. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano haifiki hata sehemu moja ya ishirini ya yuniti. Kuchaji simu ni kidogo zaidi. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumgombeza mwenzake kwa sababu ya chaja. Friji ndogo inaweza kula karibu yuniti moja kwa siku, na hiyo ni ya wote. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa nzima hukaribia yuniti moja, ingawa hujizima na kujiwasha yenyewe ikipata joto, kwa hiyo mara nyingi ni chini ya hapo. Umetaja pasi ya mchumba kila asubuhi. Hilo peke yake halimalizi Yaka.

Mshuku jiko. Kama mnatumia jiko la umeme la koili, wati 1,500, na mwanafunzi anachemsha maharage makavu kwa saa mbili au zaidi, hapo zimekwenda yuniti tatu. Kwa bei kubwa pamoja na VAT, yuniti moja ni kama shilingi 900, kwa hiyo sufuria moja ya maharage imewagharimu 2,700 kabla ya kitunguu na mafuta. Soma mita kabla maharage hayajawekwa na baada ya kuepuliwa, mwanafunzi akiwepo, bila kumshutumu. Yeye ndiye atakayeshangaa kuliko wote. Maharage, sombe na vyote vya kuchemka muda mrefu vipikwe kwa gesi au sigiri, mara moja kwa wiki, maharage yalowekwe usiku kucha kwanza, kisha mgawe kwenye makopo na kuweka kwenye friji. Koili ibaki ya chai, mayai na kupasha.

Mtaambiwa na majirani kwamba bei hushuka tena kuanzia yuniti ya 81 hadi ya 150. Ni kweli, iliwekwa ili watu waache mkaa wapikie umeme. Ila msikimbilie huko kabla hamjajua matumizi yenu, maana ili ufike kwenye unafuu huo lazima kwanza uzilipie zote za katikati kwa bei kubwa. Nyumba ya watu watatu inayopikia gesi inaweza kuishi na yuniti 60 kwa mwezi, na hizo kwa hesabu niliyokuonyesha ni karibu 50,000.

Ndiyo maana ningewashauri mfuko wa 120,000 kwa mwezi, yaani 40,000 kila mtu. Elfu 50 za Yaka, na zilizobaki za gesi, bili ya maji, sabuni, dawa ya choo na mzoa takataka. Ikibaki, inasogezwa mwezi ujao. Mwanafunzi anayesubiri kutumiwa fedha na ndugu asilazimishwe kutoa 40,000 tarehe 1. Atoe 10,000 kila Jumapili. Kiasi ni kilekile, mpangilio tu ndio unaomfuata mfuko wake. Chakula msikiingize humu katika mwezi wa kwanza, kwa sababu ninyi hamli sawa wala saa moja, na sahani ya chakula huleta maneno haraka kuliko bili yoyote. Kila anayekula chungu cha siku atoe fedha ya siku kwa anayepika, basi.

Sasa, kuhusu kugawana sawasawa kwa watatu. Hapana. Jedwali la Jumatatu fulani, Jumanne fulani litavunjika ndani ya wiki mbili nyumbani kwenu, kwa kuwa mmoja hayupo mchana, mwingine hayupo usiku, na wa tatu hatoki. Siku ya zamu ya wa Mbale, vyombo vya asubuhi vitamngoja mpaka saa tatu usiku, na nzi watakuwa wamefika kabla yake. Gaweni kwa saa ambazo kila mtu yupo na yuko macho, na kwa kile ambacho tayari kiko njiani mwake.

Wa Mbale anashinda Kikuubo, mahali ambapo Kampala nzima inanunulia jumla. Sabuni ya kipande, ya unga, karatasi za chooni, chumvi, dawa ya choo: hayo yote awe mnunuzi wake, kwa fedha ya mfuko, na risiti aipige picha. Hiyo ni kazi kamili, ihesabiwe. Jumapili, siku yake ya kupumzika, aongeze kusugua bafu na choo. Wewe unaamka saa tisa alasiri na kutoka kabla ya magharibi. Vyombo vya mchana, meza ya jikoni na maji viwe vyako. Mwanafunzi anapika, na hapo nataka unielewe vizuri: ana haki anaposema kupika ni kazi. Anayesimama jikoni saa mbili kila siku amefanya kazi kubwa kuliko wa kufagia sebule. Lakini kupika hakumtoi kwenye yale yanayozaliwa na kupika kwake. Yeye abaki na maganda na takataka, na kufagia sebule asubuhi.

Maganda nayataja peke yake kwa sababu ndiyo yanayowashinda wengi. Maganda ya matoke yakikaa jikoni siku mbili ndani ya kavera lililofungwa hutoa maji meusi, na maji hayo yakishaingia kwenye ufa wa sakafu harufu haiondoki kwa kudeki mara moja. Wekeni ndoo mbili: moja ya maganda, moja ya plastiki na uchafu mwingine. Ya maganda imwagwe kila jioni, isiyo na mjadala. Ulizeni jirani anayefuga mbuzi au ng'ombe; Kampala maganda ya matoke yana wateja, kuna watu wanapita kuyachukua. Ndoo ya pili ndiyo ingoje gari.

Kisha semeni wazi kazi iliyokwisha inaonekanaje. Wengi hawagombani kwa uvivu. Mmoja ameosha sahani na kuondoka akiamini amemaliza; mwenzake anakuta sufuria ya posho imelowekwa kwenye sinki, chujio limejaa wali, jiko lina mafuta, na anaona hakuna kilichofanyika. Wote wawili wanasema kweli. Simameni watatu mbele ya sinki, mkubaliane: vyombo vimeoshwa maana yake masufuria pia, hata yale yaliyoganda; chujio limetolewa likamwagwa; jiko limefutwa; kitambaa kimekamuliwa na kuanikwa. Chooni vilevile: ndani ya bakuli, nyuma ya bakuli, sakafu, na ndoo ya kumwagia imejazwa. Kila eneo sentensi moja. Yaandikwe kwa mkono wa mwanafunzi, kwa Kiswahili mnachosemeshana nyumbani.

Maji nayapitia haraka. Msingoje yakatike ndipo mtafute jerikeni. Watu watatu wahesabu lita 40 kila mmoja kwa siku moja ya dhiki, yaani jerikeni sita za lita 20. Mbili kati ya hizo mtu asiziguse mpaka bomba likauke kweli. Kuzijaza ni kazi yako ya alasiri, na anayefungua ya akiba atume ujumbe siku hiyohiyo.

Usingizi wako ni sheria ya nyumba, uutaje kama sheria, usiuombe kama hisani. Unashika dozi za wagonjwa usiku. Ukikosa kulala, anayeumia si wewe peke yako. Saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri pawe kimya: hakuna kinu, hakuna blenda, hakuna spika ya simu sebuleni. Sombe itwangwe baada ya saa tisa, na hata hapo kinu kihamie upande wa pili wa ua. Au anunue iliyokwisha kusagwa sokoni, ipo. Nawe umpe saa zake za kusoma. Jioni ukiwa unajiandaa kwenda kazini, redio yako na maongezi yako ya simu yasimfuate chumbani. Ukidai kimya bila kutoa kimya, atakuheshimu wiki moja tu.

Nimeiacha sufuria mpaka hapa kwa sababu ndiyo inayoniuma zaidi katika barua yako. Mwanangu, mwenzako hajui. Amekulia nyumba ambayo sufuria ni sufuria, akaona ya kwako iko rafuni pamoja na nyingine, akaitumia. Wewe umekaa na uchungu huo kimya, umeficha chombo cha kwenu chini ya kitanda, na kila ukimwona unamwona mtu aliyekudharau. Mwambie kabla ya Jumapili, peke yenu wawili, jioni moja atakaporudi nawe huna zamu. Usilipeleke kwenye kikao. Jambo la dini ya mtu likisemwa mara ya kwanza mbele ya watatu, wa tatu hulazimika kuchagua upande.

Sema hivi, kwa maneno yako: "Dada, kuna kitu sikukuambia tulipohamia, nikakosa nafasi. Sisi kwetu nguruwe haingii kwenye vyombo. Sufuria ile uliyokaangia ni yangu. Najua hukujua. Naomba vyombo vyangu viwe pembeni." Kisha nyamaza, umwache ajibu. Nakuhakikishia sehemu kubwa ya uchungu wako itaondoka pale pale.

Halafu panga vitu. Tenga sufuria zako mbili, kikaangio, ubao wa kukatia, kisu, mwiko na sponji. Watu husahau sponji na ubao, na ndivyo vinavyobeba mafuta kutoka chombo hadi chombo. Tia rangi ya kucha nyekundu kwenye kila mpini, na uvitengee rafu yake ya juu. Kwenye friji, nyama ya wote iwe kwenye kopo lenye kifuniko, na ya nguruwe rafu ya chini kabisa, ili isidondoshe maji juu ya kitu kingine. Ukiweza kumwomba asiipike nyumbani kabisa, mwombe. Kansanga na Kabalagala hakosi mahali pa kuila, na wengi huona tamu zaidi wakiila huko na marafiki. Ila liwe ombi. Nyumba mnalipa watatu, na kile anachokula kwenye sahani yake mwenyewe huna mamlaka nacho. Na kwa kuwa mwanafunzi anapikia wote, yeye lazima ajue rangi nyekundu maana yake nini, la sivyo mtarudi palepale kwa bahati mbaya.

Mchumba. Hapa ndipo jina lako kwenye mkataba linapoingia, na hapo tu. Soma mkataba leo uone mwenye nyumba amesema nini kuhusu watu wanaoishi humo, wageni wa kulala, na saa ya kufunga geti. Hayo uwasomee wenzako yalivyo, kwa sababu yakivunjwa wewe ndiye utakayeitwa. Yasiyo kwenye mkataba usiyaandike peke yako na kuyabandika ukutani. Sheria zilizoandikwa na mtu mmoja hufuatwa akiwepo, nawe haupo kila usiku.

Kwa mgeni wa kulala, kubalianeni mambo matatu: taarifa kundini kabla ya jioni, usiku usiozidi mbili kwa wiki, na hapewi ufunguo. Akizidisha, mwenyeji wake anaongeza 10,000 kwenye mfuko wa nyumba kwa wiki hiyo, sawa na mtu anayeishi hapo, maana anaoga, anakunywa chai, anapiga pasi. Lisemwe kwa wageni wote, kaka yako kutoka Arua akija akiwemo, na jamaa wa mwanafunzi kutoka Goma wakiwemo. Ukilisema kwa ajili ya mchumba tu, utakuwa umeanzisha vita.

Kikao kiwe Jumapili alasiri, wa Mbale akisharudi kanisani, wewe umeamka, na mkiwa mmekwisha kula. Saa moja inatosha. Anzeni na mita na zile hesabu za siku chache ulizoandika, kisha mfuko, kisha mzunguke nyumba kwa miguu, jikoni, chooni, uani, mkigawana kazi mbele ya kitu chenyewe. Mwanafunzi aseme kwanza kwenye kila jambo. Ndiye mdogo, ndiye mgeni wa nchi, na akisema wa mwisho atakubali kila kitu kisha atakataa kwa vitendo.

Faini msiweke mwezi huu. Kazi ikibaki, anayeiona anaandika kundini jina la kazi, si jina la mtu: "takataka zimebaki." Mwenye nayo ana mpaka jioni ya kesho. Akishindwa kwa sababu ya zamu au mtihani, atafute wa kubadilishana naye kabla, si baada. Baada ya wiki mbili kaeni tena dakika kumi na tano mbadilishe yaliyogoma.

Utajuaje kwamba hayaendi? Usiangalie sakafu. Angalia watu wanaweka wapi vitu. Siku utakapoona mmoja amehamishia sabuni chumbani kwake, mwingine chumvi, na karatasi ya chooni kila mtu anakuja na yake mkononi, ujue mfuko umekufa ingawa hakuna aliyesema. Hapo usingoje wiki mbili ziishe. Itisheni kikao jioni hiyohiyo, na swali la kwanza liwe fedha ya mfuko iko kwa nani na imebaki kiasi gani.

Na wewe uwe wa kwanza. Ukishazungumza na mwenzako na vyombo vikishatengwa, itoe ile sufuria chini ya kitanda uiweke kwenye rafu yake.

Shangazi